Herufi nyeupe juu ya chungwa: hicho kitufe mmemtengenezea nani?

Wakuu, nimechoka. Kampuni ninayolipia huduma yake imebadili sura. Bluu yao nzito wameitupa, sasa kila kona ni chungwa #FF7A00 lenye maandishi meupe. Nina uoni hafifu. Kitufe cha kulipia nakiona kama kibandiko kitupu mpaka nisogeze simu puani. Nimelalamika, nikajibiwa rangi ilichaguliwa "kwa umakini". Umakini upi? Nimepima: uwiano wa mwanga kati ya herufi na rangi ya nyuma yake ni 2.6 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida, 3 kwa makubwa. Kwa hiyo hata wangeyakuza, bado wangefeli!

Kipepeo: Ongeza mwanga wa skrini, mkuu.

Mlalamikaji: Nyeupe na chungwa vinapanda pamoja. Uwiano hauondoki pale ulipo.

Fundi Nembo: Mnawaonea tu. WCAG imezisamehe nembo, hazina kiwango cha chini.

Mchora Kurasa: Iliyosamehewa ni nembo yenyewe. Kitufe, bei na ujumbe wa kosa havimo, na hapo ndipo wengi wanapojificha. Mwongozo wa chapa unaorodhesha rangi lakini hausemi ipi iandikwe juu ya ipi, basi kila mtu anachukua nyeupe. Wakitaka herufi zibaki nyeupe, chungwa lazima likolezwe hadi kama #B85400, hapo wanapata karibu 4.9. Wenye chapa watapiga kelele kwamba hiyo ni kahawia, na kusema kweli hawajakosea. Rahisi zaidi ni kuacha chungwa lao lilivyo na kuandika kwa nyeusi: 8 kwa 1.

Bi Msomaji: Mimi macho yangu mazima, na nyeusi juu ya chungwa inanikera. Nyeupe naisoma haraka. Hesabu hiyo ina walakini.

Mchora Kurasa: Hauko peke yako, dada. Wapo wataalamu wanaosema kanuni hiyo inaipendelea nyeusi kwenye rangi kama chungwa, na ndiyo maana kuna APCA inayopima kwa njia nyingine. Ubishi haujaisha. Ila mwenzetu hapa kashindwa kukiona kitufe, hakuanza na kikokotoo.

Babu K: Kwangu tatizo si kitufe. Sitofautishi nyekundu na kijani. Kwenye orodha yao malipo yaliyokubaliwa yana nukta ya kijani, yaliyokataliwa nyekundu, neno hata moja hakuna. Mimi naona nukta za rangi ya tope, basi. Nimeshalipa bili moja mara mbili!

Fundi Nembo: Pole, mzee. Hilo la nukta sina utetezi.

Mlalamikaji: Na nukta hizo wanaziita "lugha ya chapa"! Nimewaandikia tena: wekeni "Imelipwa" na "Imekataliwa" pembeni ya nukta, herufi za kitufe ziwe nyeusi, nembo yenu bakini nayo. Mpaka sasa kimya.