Nitumie shilingi ngapi kumpata mteja wa kudumu saluni? Niko Moshi

Msusi_Majengo: Habarini wadau. Nina saluni ndogo Majengo, viti vitatu. Rasta nasuka 25,000, rasta zenyewe natoa mimi. Juzi niliweka ofa, ukija mara ya kwanza unalipa nusu, na tangazo la mtandaoni nikalipia 25,000. Wamekuja kumi, waliorudi kwa bei kamili watatu tu. Mume wangu anasema nimetupa hela. Nipigeje hesabu?

Kaka_Pasua: Mbona rahisi, akija kila wiki sita ni kama mara 8 kwa mwaka, mara 25,000 ni laki mbili, miaka mitano milioni. Hata ukitumia laki mbili kumpata umeshinda.

Dada_Mkasi: Kaka hapo kwenye mara 8 uko sawa ila hiyo milioni ni mauzo, haiingii yote mfukoni kwake. Mdogo wangu, kila kichwa kinakula shilingi ngapi?

Msusi_Majengo: Msusi 10,000, rasta pakti mbili 6,000, mafuta na umeme kama elfu moja. Na kodi ya fremu.

Dada_Mkasi: Kodi iache, unailipa aje asije. Unabaki na 8,000, kwa mwaka 64,000. Sasa hiyo miaka mitano usiibuni, fungua daftari uangalie wateja wa kudumu wa Januari mwaka jana, mwaka ulipoisha wangapi walikuwa bado wanakuja?

Msusi_Majengo: Nimehesabu, walikuwa 12, wamebaki 6. Wale wa Desemba wanaokuja Krismasi kutoka Dar sijawaweka.

Dada_Mkasi: Vizuri, hao wa sikukuu wangekuharibia hesabu. Ukipoteza nusu kila mwaka maana yake mteja anakaa wastani wa miaka miwili, kwahiyo ni kama 128,000. Tuje kwenye ofa: ulipokea 12,500, gharama 17,000, kila kichwa umeongezea 4,500. Vichwa kumi 45,000, jumlisha tangazo ni 70,000, na hiyo yote wanaibeba wale watatu waliobaki, kila mmoja kama 23,300. Akisuka mara tatu imerudi, yaani miezi minne hivi. Hujatupa hela. Ila ofa iwe Jumanne Jumatano viti vikiwa wazi, Jumamosi ukimkalisha wa nusu bei akamzuia wa bei kamili umepoteza na ile 8,000.

Mama_Chipsi: Mi wateja wangu wa kudumu ndio wanaokopa, mmoja ana deni tangu Pasaka, huyo nae namhesabuje?

Dada_Mkasi: Hesabu alicholipa tu mama, deni lisubiri.

Kaka_Pasua: Sawa nimekubali. Lakini mteja akileta dada zake wawili? Hapo 128,000 ni ndogo.

Dada_Mkasi: Kama daftari linaonyesha nani kaletwa na nani, ongeza. Kama halionyeshi mi nisingeweka hata shilingi.

Msusi_Majengo: Asanteni sana jamani. Kinachonitia hofu ni kingine, wawili kati ya hao watatu wanamtaka msusi mmoja tu, na yeye anasema mwezi wa tisa anafungua yake Kiborloni.