Baada ya nyanya: maharage, mahindi au marejea?

JembeButu: Wadau, nimepanda nyanya misimu mitatu mfululizo kipande kilekile. Sasa zimedumaa, mchana zinasinyaa, jioni zinajiinua. Nimeng'oa mche mmoja, mizizi ina mafundo matupu. Nataka kubadilisha zao. Nipande lipi kati ya hayo matatu?

Mama Kunde: Maharage. Yanarudisha naitrojeni. Na hayo mafundo yasikutishe, hata maharage yanayo, ndiyo mbolea yenyewe.

Mzee Matuta: Kwenye naitrojeni uko sawa, Mama Kunde, japo ukivuna punje na kung'oa mashina yote, nyingi inaondoka nayo. Ila mafundo hapana. Kinundu cha maharage kimebandikwa ubavuni mwa mzizi. Ukikisugua kwa kidole kinabanduka, na kikiwa kinafanya kazi ndani kina rangi ya waridi. Nyanya haina vinundu hivyo kabisa. Fundo lake ni mzizi wenyewe uliovimba, hulibandui bila kuukata. Hiyo ni minyoo fundo, na maharage ni chakula chake pia. Ukiyapanda hapo unaihamishia sahani tu.

Kijana wa Mseto: Mimi huchanganya mahindi na maharage kila msimu, si ndiyo mzunguko huo?

Mzee Matuta: Huo ni mseto, kijana wangu. Mwaka ujao minyoo itayakuta maharage palepale.

JembeButu: Basi mahindi?

Mzee Matuta: Inategemea minyoo uliyonayo. Mahindi huweza kuilisha bila kuonyesha mafundo ya kutisha, ukadhani imekwisha. Mimi ningepanda marejea. Ni jamii ya mikunde, yanaleta naitrojeni, na minyoo ikiingia kwenye mizizi yake wengi hawafiki kuzaa. Yakianza kuchanua yafyeke, yachanganye na udongo, subiri wiki 2 hadi 3 ndipo upande. Na ng'oa mnavu wote. Ukibaki, minyoo imebakiziwa chakula.

Kabla ya yote, kata shina la nyanya iliyosinyaa, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, una mnyauko bakteria pia. Hapo pilipili, biringanya na viazi mviringo usivisogeze, ni ndugu wa nyanya.

Mama Kunde: Lakini marejea hayaliwi! Msimu mzima shamba bila mavuno?

Mzee Matuta: Ndiyo gharama yake, sikufichi.

Kijana wa Mseto: Na kanitangaze je, nao watakwisha?

Mzee Matuta: Wale wanaruka, watatoka kwa jirani. Mzunguko unamkomoa anayekaa udongoni.

JembeButu: Nimejaribu glasi, maji yamebaki safi. Nitapanda marejea nusu, mahindi nusu. Msimu mmoja unatosha?

Mama Kunde: Kwangu ulitosha.

Mzee Matuta: Kwangu haukutosha. Panda miche michache ya nyanya kila upande, ing'oe baada ya wiki 6, uhesabu mafundo.