Naomba msaada: nimepoteza jina la video ya kukata kanzu, kwenye pleilisti imebaki "Deleted video" tu

FundiTanga
Habarini wana jukwaa. Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu za watoto. Tangu 2017 nina pleilisti yangu YouTube niliyoipa jina "Ufundi", ina video 61. Juzi nimeifungua nikamfundishe binti anayejifunza kwangu namna ya kukata kipande cha begani bila shingo kuvuta, nikakuta video tatu hazipo. Mahali pake pameandikwa `[Deleted video]`, hakuna picha wala jina la aliyeipandisha.

Ninayoihitaji hasa ni ya 14. Yule fundi alikuwa anaonyesha kwa chaki juu ya kitambaa, anapima kwa shubiri kwanza, halafu kwa futi. Nimetafuta "kukata kanzu" hadi nimechoka, zinakuja nyingine. Nikipata jina lake halisi nitaweza kuulizia, labda kuna mtu aliipandisha tena. Historia yangu ya YouTube nayo haisemi kitu. Naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Babu_Simu
Pole fundi. Fungua gallery ya simu, nenda sehemu ya takataka. Video ikifutwa inakaa humo siku 30 kabla haijaondoka kabisa. Mimi nilirudisha za harusi ya mwanangu hivyohivyo.

FundiTanga
Asante mzee wangu, ila hii haikuwa kwenye simu yangu. Ilikuwa YouTube, aliyeifuta ni mwenyewe.

kijana_wa_data
Rahisi sana. Ingia Google Takeout, omba historia yako ya YouTube. Linakuja faili lenye kila video uliyowahi kutazama, jina na tarehe. Tafuta humo, kazi imeisha.

Mtunza_Kumbukumbu
Kijana yuko sahihi nusu. Faili la Takeout linaandikwa siku unapoliomba. Video ambayo imeshafutwa siku hiyo, mahali pa jina inawekwa linki tupu, au sentensi `Watched a video that has been removed` isiyo hata na linki. Jina utalikuta tu kama uliwahi kuomba Takeout zamani, video ikiwa bado hai. Kwa hiyo fundi, kama una faili la miaka ya nyuma kwenye kompyuta, lianzie hilo.

Kama huna, sikiliza. Jina limefutwa, lakini namba ya video haijafutwa. Kila video ya YouTube ina namba yake ya herufi 11, na pleilisti yako bado inaishika. Tumia kompyuta, maana kwenye simu inasumbua. Fungua pleilisti, bonyeza nukta tatu za juu, chagua `Show unavailable videos`. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya ile ya 14, kopi linki, uibandike hapa. Usiiandike kwa mkono. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti kwenye namba hizi, na `l` ndogo, `I` kubwa na `1` zinafanana machoni.

FundiTanga
Nimeenda kwa jirani mwenye kompyuta. Nimepata hii:

```
https://www.youtube.com/watch?v=-tQ0lIz7xRk&list=PL...&index=14
```

Nimeitafuta Google ile `-tQ0lIz7xRk` ikaniletea mambo yasiyohusu kabisa.

Mtunza_Kumbukumbu
Umefanya vizuri kubandika. Namba yako imeanza na alama ya `-`, na Google ikiona alama hiyo mwanzoni inadhani unamwambia "usiniletee neno hili". Izungushie alama za kunukuu, `"-tQ0lIz7xRk"`. Kama kuna blogu au jukwaa liliwahi kuibandika, hapo ndipo itatokea, na mara nyingi jina huwa limeandikwa pembeni.

Isipotokea, nenda Wayback Machine. Wale wanapiga picha kurasa za mtandao na kuzihifadhi, na kurasa za YouTube wamezihifadhi nyingi. Kata kila kitu kuanzia kwenye `&list`, ubaki na namba tu:

```
https://web.archive.org/web/*/https://www.youtube.com/watch?v=-tQ0lIz7xRk
```

Itakuja kalenda. Siku zenye duara ndizo ilizohifadhiwa. Anza na ya zamani kuliko zote, kwa sababu hizi za karibuni huenda zimepigwa video ikiwa imeshafutwa, utaambulia tangazo la kwamba haipo.

Msaka_Kwaya
Samahani kuingilia uzi wa fundi. Mimi zangu zimeandikwa `[Private video]`, siyo deleted. Ni za kwaya yetu ya zamani, nami niko Muscat miaka sita sasa. Njia ni hiyohiyo?

Mtunza_Kumbukumbu
Njia ya kutafuta jina ni hiyohiyo, ila wewe una nafuu. Video iliyofichwa bado iko YouTube, mwenye chaneli anaiona. Ukijua ni nani, mtumie ile linki yenye namba, akitaka atakufungulia. Ya fundi mwenyewe akishaifuta YouTube hairudi, labda awe na nakala nyumbani.

FundiTanga
Google hata kwa alama za kunukuu hakuna kitu. Wayback kuna duara mbili, moja ya 2018 na nyingine ya 2021. Ya 2021 inasema `Video unavailable`. Ya 2018 inafunguka nyeupe, mistari ya kijivu tu, haina maandishi. Nilifurahi mapema.

Mtunza_Kumbukumbu
Hiyo nyeupe ndiyo unayoitaka, usiifunge. Kurasa za YouTube za miaka ile zilikuwa zinachorwa na brauza baada ya kufunguka, na kwenye hifadhi uchoraji huo mara nyingi unakwama. Maandishi yenyewe yapo chini yake. Ukiwa kwenye ukurasa huo bonyeza Ctrl na U pamoja, utaona msitu wa kodi. Bonyeza Ctrl na F, andika `<title>`. Ukikuta imeandikwa `YouTube` peke yake, tafuta `og:title`, na hiyo isipokuwepo tafuta `"title":"`. Ukilipata jina, tafuta pia `"channelId"`. Mbele yake kuna msimbo unaoanza na `UC`. Huo mtu hawezi kuubadilisha hata akibadili jina la chaneli mara kumi.

FundiTanga
Wana jukwaa, nimelipata! `<title>` ilikuwa na neno YouTube tu kama ulivyosema, lakini kwenye `"title":"` limekaa hili hapa: KUKATA KANZU YA MTOTO MIAKA 5 - SEHEMU YA 2. Miaka yote hii sikujua kwamba kulikuwa na sehemu ya kwanza.

Nikachukua ule msimbo wa `UC` nikauweka mbele ya `youtube.com/channel/`. Chaneli ipo! Ina jina jingine kabisa, sasa anauza mashine. Sehemu ya 1 bado iko, na ni mwenyewe, namjua kwa mkono na ile futi yake ya njano. Nimemwandikia chini ya video kumwomba sehemu ya 2, bado hajajibu. Jirani yangu naye amekaa hapa na mimi saa mbili nzima, Mungu ambariki.

Zimebaki mbili, ya 38 na ya 52. Zote Wayback hazina duara hata moja.

kijana_wa_data
Hongera fundi, na mimi nimejifunza. Kwa zilizobaki, historia ya Chrome je? Ile inaandika jina la ukurasa, na YouTube ikifuta yenyewe haifuti.

Mtunza_Kumbukumbu
Ni kweli, ila Chrome inashika siku 90 tu, na kama ulitazama ndani ya programu ya YouTube kwenye simu, brauza haina habari. Firefox kwenye kompyuta hushika muda mrefu zaidi.

Fundi, hapa ndipo Takeout inapokufaa. Omba upya, lakini kwanza ondoa alama zote, kisha chagua `YouTube and YouTube Music`, na ndani yake acha `playlists` pekee. Ukiacha kila kitu inaweza kukuletea na video ulizopandisha mwenyewe, bando litakwisha. Ndani ya faili la pleilisti hakuna majina, kuna namba ya video na tarehe uliyoiweka, safu inaitwa `Playlist Video Creation Timestamp`. Tupe tarehe za hizo mbili.

FundiTanga
Ya 38 ni `2019-05-18T21:52:07+00:00`. Ya 52 ni ya Novemba 2022.

Mtunza_Kumbukumbu
Hiyo `+00:00` ina maana siyo saa yetu. Ongeza saa tatu. 21:52 inakuwa 00:52, yaani saa 6:52 usiku, na tarehe imeshageuka: ni usiku wa kuamkia Jumapili, 19 Mei. Ulikuwa unafanya nini saa hizo?

FundiTanga
Mei 2019 ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nashona kanzu za Idd mpaka daku. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la mafundi, tukitumiana video usiku ili tusilale.

Mtunza_Kumbukumbu
Basi nenda kwenye kundi hilo, tafuta neno `youtu`, uteremke hadi 19 Mei. Linki ikitumwa WhatsApp huja na kipicha na jina la video, na vile vinabaki ndani ya ujumbe hata video ikifutwa. Usiusafirishe mjadala kwenda kwenye faili la maandishi, humo itabaki linki peke yake.

FundiTanga
Nilianza kwa kosa, nikatafuta tarehe 18, hakuna. Tarehe 19, saa 6:40 usiku, Mama Salha alituma linki, kipicha chake kinaonyesha kola imekunjwa juu ya meza, na chini yake: "Kola ya kusimama isiyolegea". Namba nimelinganisha herufi kwa herufi na ya 38, ni yenyewe. Kumbe dakika kumi na mbili baadaye ndiyo nikaihifadhi. Jina nimelitafuta YouTube, mtu mwingine ameipandisha, nimeshaishusha kwenye simu.

Ya 52 sikuletewa na mtu, Novemba ile nilikuwa peke yangu dukani. WhatsApp hakuna, Google hakuna.

Mtunza_Kumbukumbu
Jaribu namba hiyo Filmot, kule wana kumbukumbu ya majina ya video nyingi zilizofutwa. Halafu rudi Wayback kwa umbo jingine la linki, `youtu.be/` ikifuatiwa na namba, na `youtube.com/embed/` na namba. Hifadhi inahesabu kila umbo kama ukurasa wake.

FundiTanga
Nimejaribu yote matatu sasa hivi, hakuna. Ya 51 na ya 53 zote ni za mfuko wa pembeni, kwa hiyo nadhani na hii ni ya mfuko. Namba yake nimeiandika kwenye daftari la vipimo. Kama kuna fundi humu aliyehifadhi video za mifuko Novemba 2022, naomba aangalie pleilisti yake, nitamtumia namba tulinganishe.