Mabawa au kidari: kipi kina mafuta machache?

Mama Katuba: Wapendwa, niko Lubumbashi, naombeni msaada wenu leo, maana jioni napika. Nyumbani kuna mtu ameambiwa apunguze mafuta ila protini asikose. Kila mtu ananiambia kidari, lakini mfuko wangu unafika kwenye mabawa. Bawa ni dogo, nyama yake haizidi vidole viwili, kwa hiyo nadhani hata mafuta yake ni kidogo. Kwa gramu 100, kidari, paja na bawa vinapishana vipi? Na ngozi inabadilisha nini?

Yaya wa Bel-Air: Mama, achana na kuku wa katoni kabisa. Mimi tangu nianze kununua kuku wa kienyeji soko la Kenya hapa hapa Lubumbashi, watoto hawaumwi ovyo. Mchuzi wake unanukia mpaka kwa jirani. Kuku anayekaa kwenye barafu miezi na miezi atakuwa na protini gani?

Jikoni Ruashi: Yaya, barafu haiondoi protini. Mama Katuba, nakujibu ulichouliza. Hesabu hizi ni za kuku wa kisasa aliyeokwa, nyama bila mfupa. Kidari bila ngozi kina protini kama gramu 31 na mafuta yasiyofika 4. Kiache na ngozi, mafuta yanakaribia 8. Paja bila ngozi lina protini 25 hivi na mafuta kati ya 8 na 11; pamoja na ngozi mafuta yanafika 15. Sasa bawa. Pamoja na ngozi lina mafuta 19 hivi, yaani linalipita hata paja. Livue ngozi, yanashuka mpaka 8, na protini inapanda kutoka 27 hadi 30. Udogo wa bawa ndio unaoponza: kwenye kipande kidogo, ngozi inachukua sehemu kubwa. Na ukisema paja, angalia, sokoni wengi wanakupa paja pamoja na mguu wake, si paja tupu.

Papa Makala: Hiyo 31 mmeitoa wapi? Nimefuga kuku miaka 12, karatasi niliyopewa inasema kidari kina protini 22. Mnawadanganya watu.

Jikoni Ruashi: Papa, karatasi yako ni sahihi, inazungumzia nyama mbichi. Gramu 100 za kidari kibichi zikiiva zinabaki kama 75, kwa sababu maji yametoka. Protini imebaki palepale, ila sasa imejaa kwenye nyama iliyopungua uzito. Chukua 31, ipunguze robo, unarudi kwenye 23 hivi. Kosa linakuja mtu anapopima nyama mbichi halafu anasoma hesabu ya iliyoiva.

Papa Makala: Hapo nakubali. Lakini ngozi lazima itolewe kabla ya kupika, la sivyo mafuta yote yanaingia kwenye nyama.

Jikoni Ruashi: Kwenye moto wa makala si hivyo, Papa. Mafuta yanayeyuka na kudondoka, machache tu yanaingia kwenye nyama. Choma na ngozi yake ili nyama isikauke, kisha ivue mezani. Mchuzi ndio una shida: mafuta hayana pa kwenda, yanabaki kwenye sufuria na bukari inayanywa. Huko vua ngozi kwanza, au uache mchuzi upoe, yagande juu, uyatoe kwa kijiko. Mama, mgonjwa ana nini hasa? Bila kujua hilo tunapiga hesabu gizani.

Mama Katuba: Ni mambo ya tumbo tu. Nilitaka hesabu ya kuku.

Yaya wa Bel-Air: Tumbo? Mama mkwe wangu alitibiwa tumbo kwa majani ya mpera, akapona.

Jikoni Ruashi: Tumbo lipi, Mama? Linauma baada ya kula nini, upande gani?

Mama Katuba: Haya. Mgonjwa ni mimi. Picha ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, nikaambiwa nitapasuliwa, na siku bado haijapangwa. Jumamosi kwenye harusi nilikula mabawa sita ya kukaangwa. Usiku maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka bega, nikakaa sakafuni hadi saa tisa. Na nimeshanunua katoni ya mabawa kilo 10. Msiniambie nitupe, hela hiyo ilitakiwa iwe ya mwezi. Na kidari kinanikaba kooni kwa ukavu, sikipendi.

Kijana wa Kamalondo: Mimi siamini hadithi hii. Kwanza mtu wa nyumbani, sasa ni wewe, na katikati katoni ya kilo 10. Huyu anauza mabawa, wiki ijayo atatuambia "ndugu, yapo, bei nzuri".

Papa Makala: Hata mimi nimeshtuka. Kwa nini ulificha?

Mama Katuba: Nilificha kwa sababu mume wangu anasoma humu na sijamwambia habari ya kupasuliwa. Sasa atajua. Kijana, sina bawa la kuuza. Nimetoka jikoni sasa hivi, nina mizani ya unga. Mabawa manne mabichi ni gramu 360. Nimeyachoma, yamebaki 265. Nimekula nyama pamoja na ngozi ya bawa moja tu, mengine nimeyachambua kwenye sahani. Mifupa ya yote manne ni 110. Muuzaji gani anapima mifupa?

Kijana wa Kamalondo: Sawa, mama. Nisamehe.

Jikoni Ruashi: Asante kwa mizani, sasa tuna kitu cha kushika. 265 toa 110, chakula chenyewe ni 155. Ungekula yote na ngozi, ni kama gramu 30 za mafuta kwa mlo mmoja. Ngozi ya bawa lililoiva ni zaidi kidogo ya theluthi ya hiyo 155. Ukiivua inabaki nyama kama 96, mafuta hayazidi 8, protini unapata 29. Kwa hiyo katoni usiitupe, tupa ngozi. Na yale ya harusini yalikuwa ya kukaangwa, mafuta ya sufuria yaliongezeka juu ya hayo. Mafuta ndiyo yanayoufanya mfuko wa nyongo ujikaze, na jiwe likiziba mlango ndiyo maumivu yale. Ila usikimbilie kula bila mafuta kabisa ili upungue haraka, maana kupungua haraka nako kunaleta mawe. Chakula hakiyeyushi yaliyopo. Ukipata homa, au macho yakiwa ya njano, usisubiri tarehe, nenda hospitali usiku huohuo.

Papa Makala: Hesabu hiyo inashika kama mabawa hayakutiwa maji ya chumvi. Ya katoni mengine yanadungwa, uzito unadanganya.

Jikoni Ruashi: Ni kweli, ndiyo maana nilianza na uzito wa yaliyoiva, si wa mabichi. Bado chumvi yenyewe inabaki.

Mama Katuba: Basi mlo mmoja mgonjwa kama mimi avumilie mafuta gramu ngapi?

Jikoni Ruashi: Hilo linatofautiana mtu na mtu. Andika kila mlo na saa ya maumivu, umpelekee daktari wako.

Yaya wa Bel-Air: Mama mkwe wangu naye aliandika kwenye daftari. Baadaye alipasuliwa, yale majani sikumaliza kusimulia.

Mama Katuba: Mume wangu amesoma. Ameingia jikoni, ananisaidia kuvua ngozi. Anauliza mbwa wa jirani anaweza kupewa?