Mradi umeisha, bili ya seva haiishi: tuzime, tufute au tufunge akaunti?

Dagaa_Data
Wakuu, habari za jioni. Tulikuwa na mradi wa kurekodi mavuno ya dagaa kwenye mialo ya huku Mwanza. Wahesabuji waliingiza takwimu kwa simu, zikaenda kwenye seva za wingu. Mradi ulikwisha Juni na seva nilizizima kwa mkono wangu. Kwa bili ya Septemba kadi ya mkurugenzi imekatwa tena dola 57.20 na leo ameniita ofisini. Naona njia tatu: kuziacha zimezimwa hivyo hivyo, kufuta kila kitu, au kufunga akaunti. Ipi ina nafuu?

Fundi_Nyegezi
Kampuni gani? Ulizima kwa kubonyeza nini? Na data mnaihitaji tena au hapana? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama_Picha
Hata mimi wananikata kila mwezi hela ya hifadhi ya picha na simu yenyewe ilishatumbukia ziwani pale kivukoni Kamanga. Nikijibiwa hapa na mimi nitafaidika.

Kijana_Igoma
Ukishabonyeza Stop hulipii seva, hilo nina uhakika. Hapo kuna mtu kaiba namba ya kadi. Mwambie bosi aifunge kadi, mchezo umekwisha.

Dagaa_Data
Samahani, nilisahau. Ni AWS, wingu la Amazon, na nilibonyeza Stop kwa seva zote mbili. Mkataba na mfadhili unataka data itunzwe miaka 5.

Fundi_Nyegezi
Igoma yuko sahihi nusu. Stop inasimamisha malipo ya mashine tu. Diski iliyo chini yake inaendelea kulipiwa, na inalipiwa kwa ukubwa mlioomba, si kwa kilichomo. Mkiomba GB 200 mkatumia 20, mnalipia 200. Halafu anwani za kudumu za mtandao, zile za Elastic IP, tangu Februari 2024 kila anwani ya IPv4 ya umma ni dola 0.005 kwa saa, iwe inatumika au imelala. Kufunga kadi hakufuti deni, linabaki kwenye akaunti, na likikaa sana akaunti husimamishwa na data inaweza kupotea.

Fungua ukurasa wa Bills, ingia kwenye Elastic Compute Cloud na Virtual Private Cloud, utuambie mistari inasemaje, na kwa kila kanda, yaani kila eneo la seva zao.

Baharia_Musoma
Ngoja niwasimulie. Mimi nilikuwa na seva ya mfumo wa chama chetu cha akiba kwa kampuni nyingine, siitaji. Chama kilipovunjika niliingia kwenye seva nikaandika `sudo shutdown now`, skrini ikawa nyeusi, nikalala usingizi wa pono. Kumbe kwa hao, seva iliyozimwa inalipiwa bei ile ile, kwa sababu nafasi yako bado imetengwa. Mpaka uiharibu kabisa. Miezi 7! Kadi ilikuwa ya mke wangu, naye alikuwa akidhani ni ada ya benki. Siku alipoleta karatasi ya benki mezani, nilikula ugali kwa macho tu. Nilipowaandikia wakanijibu kwa adabu kwamba masharti yaliandikwa tangu mwanzo. Na kweli yaliandikwa. Tangu hapo mimi ni mtu wa diski ya nje: nakili, funga kabatini, lala.

Kijana_Igoma
Diski ya kabatini ikianguka je? Na kushusha data kutoka wingu wanakukamua.

Fundi_Nyegezi
Kwa mzigo mdogo hawakamui. AWS wanatoa GB 100 za kwanza kila mwezi kwenda mtandaoni bure. Utakachokamuliwa ni bando lako.

Dagaa_Data
Nimeangalia Bills. N. Virginia: diski gp2 GB 200, dola 20. Snapshots GB 400, dola 20. Elastic IP 2, dola 7.20. Halafu kuna Ohio, diski GB 100, dola 10. Ohio sisi hatujawahi kuweka kitu!

Fundi_Nyegezi
Mliweka. Konsoli inaonyesha seva za kanda moja kwa wakati mmoja, hivyo ukiwa N. Virginia huwezi kuona cha Ohio. Pengine mtu alijaribu mfumo huko mwanzoni, akaifuta seva kwa Terminate na kuona orodha iko tupu. Terminate kwa kawaida inafuta diski ya kuanzia mashine, lakini diski ya pili uliyoiongeza inabaki, haina mwenyewe. Hakikisha, us-east-2 ndiyo Ohio:

```
aws ec2 describe-volumes --region us-east-2 \
  --filters Name=status,Values=available \
  --query "Volumes[].[VolumeId,Size,CreateTime]"
```

Dagaa_Data
Imetoka moja, GB 100, ya mwaka juzi. Nimeendesha na kwa us-east-1, yaani N. Virginia, haikutoa kitu. Sasa zile GB 200 ziko wapi?

Binti_Ukerewe
Hiyo amri inatafuta yatima tu. Diski zako za N. Virginia bado zimeshikwa na seva zilizosimama, kwa hiyo hali yake ni `in-use`. Ondoa mstari wa `--filters` utaziona. Huu ndio mtego wa kuamini amri moja.

Fundi_Nyegezi
Asante dada, kweli nilipaswa kusema.

Mimi ningefanya hivi. Washa ile seva yenye hifadhidata kwa saa moja, toa nakala kwa `pg_dump` kama ni PostgreSQL, ikandamize, kisha uirudishe kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka na hesabu ya safu mlalo inalingana. Usifute kitu kabla ya hapo. Data halisi ni kiasi gani?

Dagaa_Data
GB 22, pamoja na picha za mizani.

Fundi_Nyegezi
Basi mnalipa dola 57 kulinda GB 22. Ziweke S3 kwenye daraja la Glacier Deep Archive. Kwa bei ya N. Virginia, dola 0.00099 kwa GB kwa mwezi, hiyo ni senti mbili na ushee. Kasoro yake: ukiihitaji unaomba na kusubiri hata muda wa saa 12, na ukiifuta kabla ya siku 180 unalipishwa siku zilizobaki. Kwa kitu cha kutunza miaka 5 hilo halikuumizi.

Baada ya hapo Terminate seva, futa diski zilizobaki kanda zote mbili, na anwani uziachie kwa Release. Kuzitenganisha na seva hakutoshi.

Binti_Ukerewe
Kwenye Snapshots kuna jambo. Hizo ni nakala za diski zinazohifadhi mabadiliko tu, kwa hiyo ukifuta ya zamani peke yake bili inaweza isishuke, maana vipande vyake bado vinategemewa na zile mpya. Na ikikataa kufutika, kuna AMI, kile kiolezo cha kuundia seva, inayoitumia. Nenda AMIs, bonyeza Deregister kwanza.

Baharia_Musoma
Yote haya badala ya diski moja ya nje. Haya.

Binti_Ukerewe
Weka na diski ya nje, baba, hakuna aliyekukataza. Nakala mbili ni bora.

Kijana_Igoma
Si afunge akaunti tu?

Fundi_Nyegezi
Akifunga, ana siku 90 za kujirudi, baadaye kila kitu kinafutwa, na hiyo nakala ya miaka 5 itaondoka nayo. Afunge kama nakala iko kwingine. Na kufunga kunahitaji barua pepe iliyofungulia akaunti.

Dagaa_Data
Hapo ndipo penye shida. Barua pepe ni ya yule kijana wa mfumo, yuko Dar siku hizi. Mimi nina jina la kuingilia tu alilonipa. Nimempigia mara tatu, simu inaita hapokei.

Binti_Ukerewe
Lakini kufuta diski na anwani unaweza kwa jina hilo kama lina ruhusa. Anza na Ohio leo, ukishaona haina data yenu.

Dagaa_Data
Ohio imefutika. Hizi nyingine nasubiri nakala iishe, bando linasuasua.

Mama_Picha
Kwani hao dagaa mlishajua mwalo gani una wengi?