Naomba ushauri: dhamira hii niipanue au niigawe?

Habari wanajamvi. Nina mahojiano 8 ya wakulima wa korosho wa Newala kuhusu msongo wa mawazo wanaposubiri malipo ya mnada. Nimeshayanukuu, nimeyasoma yote na kuweka misimbo. Mmoja anasema, “Simu ikilia nashtuka, nadhani ni mwenye duka.” Hapo niliandika “kuogopa mdai”.

Misimbo ya aina hiyo ingeweza kukaa chini ya “madeni”, ila hilo ni jina la mada tu, halisemi deni linamfanyia nini mtu. Nikaweka dhamira “Deni humfanya mtu ajifiche”. Kurudi kwenye nukuu, wanawake wawili hawajifichi kabisa. Wanamfuata mdai wenyewe kuomba muda.

Nafikiria “Kulinda heshima mbele ya mdai”, ibebe kujificha na kujitokeza. Je, haitakuwa pana mno? Kuwaacha nje kwa kuwa ni wawili tu sitaki.