Tupeane uzoefu: siku SSH ilipokugomea ukadhani seva imekufa

Mzee_wa_Waya (Arusha)
Wakuu, nianze mimi. Natunza seva ya stoo moja ya pembejeo Moshi, mwenyewe nikiwa huku Ngarenaro. Juzi umeme ulikatika usiku, asubuhi najaribu kuingia nakutana na hii:

```
WARNING: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!
Host key verification failed.
```

Zamani nilikuwa nafuta kumbukumbu ya mashine ile kwa `ssh-keygen -R`, naandika `yes`, kazi inaendelea. Safari hii nikasita, maana hakuna aliyeweka mfumo upya. Nikampigia dada wa kaunta, ambaye ana akaunti ya kawaida tu kwenye seva, nikamtajia amri herufi kwa herufi:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Akanisomea alama ya kidole ya seva, yaani msururu unaofuata `SHA256:`, herufi kubwa na ndogo, wateja wakimsubiri. Ulilingana na niliouandika daftarini siku nafunga seva. Uliokuwa kwenye onyo ulikuwa mwingine kabisa. Basi seva ni ileile, ila mimi nabisha hodi nyumba ya jirani! `ssh -v` ikanionyesha upande wa pili kuna `dropbear`, wakati seva yangu ni `OpenSSH`. Kumbe ni kisanduku cha kamera. Umeme uliporudi rauta iligawa anwani upya, kamera zikachukua 192.168.1.20 iliyokuwa ya seva, na rauta bado inapeleka poti 22 palepale. Nimeitengea seva anwani yake ya kudumu. Nyie yamewakuta yapi?

Dogo_Majengo (Moshi)
Mkuu umejisumbua bure na simu yote hiyo. Mimi naingia kwa ufunguo, situmii paswedi, kwa hiyo onyo hilo halinihusu. Nafuta, napita. Wataiba nini?

Mama_Swichi
Mwanangu, nusu umesema kweli. Ufunguo wa siri hautoki kwenye laptopu yako. Kinachotoka ni saini, nayo imefungwa na mazungumzo yale tu, hivyo tapeli aliyekaa katikati hawezi kuichukua akaingilie kwenye seva halisi. Ila si lazima aikague. Anakukubalia tu, anakuonyesha skrini inayofanana na yako, wewe unaandika `sudo` na paswedi yako. Hapo umempa mwenyewe, kwa mkono wako.

Nilipoanza kazi, swichi zote tuliziingia kwa `telnet`, poti 23. Siku moja nikamwambia kijana aingie, mimi nasikiliza kwa `tcpdump` kwenye habu moja naye. Alikuwa na uhakika kwamba paswedi imefichwa, maana kwenye skrini yake haikuonekana hata nyota. Kwangu ikawa inashuka herufi moja moja, kila moja na pakiti yake. Skrini haikuonyesha kwa sababu swichi haikumrudishia herufi alizoandika, lakini kwenye waya zilipita wazi. Tatu Ylönen aliandika SSH mwaka 1995 huko Finland baada ya paswedi kunaswa hivyo hivyo kwenye mtandao wa chuo chake.

Na la pili ndilo la Mzee_wa_Waya. `telnet` haikuwahi kujali upande wa pili ni nani. Kile kisanduku cha kamera kingekuletea `login:` na ungejaza.

Shangazi_Machame
Jamani hata mimi, simu yangu alama ya kidole imekataa tangu tulipoanza kuchuma kahawa. Hiyo ya kufuta mnafutaje?

Mzee_wa_Waya
Shangazi, hapa tunaongelea alama ya mashine. Wewe mikono imechubuka, sajili kidole kingine.

Fundi_Kaloleni (Arusha)
Langu ni kinyume: onyo halikutokea kabisa. Nilifunga kompyuta 12 za darasa kwa kunakili diski moja. Anwani zikahama, nikaingia ya 7 nikidhani ni ya 3, nikafuta kazi za wanafunzi. SSH ilikaa kimya kwa sababu zote zilirithi ufunguo mmoja wa mashine. Baadaye kwa kila moja nilifanya hivi, nikiwa `root`:

```
rm /etc/ssh/ssh_host_*
ssh-keygen -A
```

Halafu nikaziwasha upya. Kazi za watoto hazikurudi.

Dogo_Majengo
Sawa Mama, nimekuelewa hapo kwenye `sudo`. Ila seva yangu ni ya kukodi, iko ng'ambo, sina dada wa kaunta. Mara ya kwanza kabisa inaponiuliza `yes` au `no`, nalinganisha na nini?

Mama_Swichi
Ingia kwenye tovuti ya wanaokukodisha, fungua skrini ya seva humo humo, endesha ile amri ya `-lf`.

Dogo_Majengo
Na hiyo tovuti yao naiingia kwa paswedi, kwenye waifai ya mgahawa.

Fundi_Kaloleni
Hahaha. Mama, hilo mjibu wewe.